Vihisi viwili, anwani moja, na kebo ya mita 10

Hapa Inver Grove Heights, kusini kidogo ya Saint Paul, baridi ya Januari inaweza kukupasulia bomba usiku mmoja. Kwa hiyo nilifunga vihisi viwili vya BME280 kwenye ESP32 moja: kimoja pembeni yake katika chumba cha chini, kingine gereji, kwenye mita 10 za kebo ya mtandao.

Vyote vilikuja na anwani 0x76. Programu ya kusaka anwani ilionyesha kifaa kimoja tu, na hapo ndipo mtu hudhani kihisi kimoja kimekufa. Wala. Kwenye I2C kila kifaa huweza kuivuta laini chini hadi sifuri, lakini hakuna kinachoisukuma juu; kazi hiyo ni ya rezista. Vikijibu pamoja, sifuri hushinda: kimoja kikisema 1011 na kingine 1101, ESP32 husoma 1001. Ukiuliza aina ya chipu unajibiwa 0x60 bila kasoro, maana zote mbili husema hivyo. Lakini namba za urekebishaji, ambazo kila chipu hupewa zake kiwandani, zinavurugika, na joto unalosoma si la gereji wala la chini.

Dawa ilikuwa waya mmoja: mguu wa SDO wa kihisi cha gereji niliupeleka kwenye volti 3.3, anwani ikawa 0x77. Cha tatu kingehitaji kigawanyaji kama TCA9548A, kwani BME280 haina anwani nyingine.

Kisha yakaja makosa ya kebo. Kihisi cha gereji kilijibu, kikanyamaza, kikajibu tena. `endTransmission()` ikirudisha 2, yaani anwani imeitwa na hakuna aliyeitika. Kebo hii hubeba takriban pikofaradi 50 kwa mita, jumla 500, wakati kikomo cha I2C ni 400. Kila moduli ilikuwa na rezista za kiloomu 10, na zikiwa sambamba zinabaki 5. Laini ilihitaji kama mikrosekunde 2.1 kupanda, mara mbili ya inayoruhusiwa kwa kilohezi 100.

Niliongeza rezista ya kiloomu 2.2 kwa kila laini, muda ukashuka hadi 0.65. Usizidishe dawa: chini ya kiloomu 1 hivi, chipu inashindwa kuivuta laini hadi sifuri. Na kwa kuwa kikomo cha pikofaradi bado nilikuwa nimekivuka, nikapunguza mwendo:

```
Wire.begin(21, 22);
Wire.setClock(20000);
```

Kosa la mwisho lilikuwa langu mwenyewe. SDA na SCL nilikuwa nimezipitisha katika jozi moja iliyosokotwa, kila moja ikimpigia mwenzake kelele. Nikazitenganisha, kila moja na waya wake wa ardhi.

Kwa mita 30 nisingehangaika na rezista. Ningeweka ESP32 ya pili gereji.