Hongera wapiga picha wa studio

Nyumba ya marehemu inapohamwa, albamu hubaki na nyuso zisizo na majina. Hapo ndipo nawashukuru mafundi wa studio waliogonga muhuri nyuma ya kila picha. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, ni mfano mzuri.

Kabla ya kubandua chochote, piga picha ukurasa mzima, kwa sababu mpangilio wenyewe ni ushahidi. Kisha geuza picha. Tuseme wanawake wawili hawajulikani, lakini muhuri na pazia lao vinafanana na vya picha jirani iliyoandikwa jina na mwaka. Sasa una studio, kipindi cha kukisia, na familia ya kuulizia. Lakini kumbuka, muhuri unaweza kuonyesha iliposafishwa picha tu, si ilipopigwa.

Andika uliyoyapata kwa penseli laini, pembeni mwa mgongo wa picha. Waonyeshe wazee wa mtaa. Wakishindwa kuwatambua, usizichome picha hizo: ulizia Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani, kama watazipokea, na uzipeleke pamoja na albamu yake.