Mita Moja, Gramu Tatu

Kwenye pembe ya karakana ya rafiki yangu, Dar es Salaam, pana ndoo tatu zenye mifuniko. Ya kwanza imeandikwa "PLA nyeupe", ya pili "PLA rangi", ya tatu ina alama ya kuuliza tu. Ndani yake mna kila kilichoharibika kwenye printa zake za 3D: vitu vilivyong'oka mezani usiku vikaishia kuwa furushi la tambi, nguzo zilizobanduliwa kazi ilipokwisha, gia iliyokosewa kipimo. Anazisaga taka hizo na kuzirudisha kuwa uzi wa plastiki, ule mafundi wanaouita filamenti. Nimeketi naye siku nzima mara kadhaa, na kila nikitoka pale namheshimu zaidi.

Kazi inaanzia kwenye ile ndoo ya alama ya kuuliza, kabla mashine haijawashwa. Humo PLA na PETG zimechanganyika, na kwa macho huwezi kuzitenganisha. Kama ingekuwa ABS, angeitumbukiza kwenye maji yaliyokolea chumvi nayo ingeelea. Lakini PLA ina uzito wa gramu 1.24 kwa kila sentimita ya ujazo, na PETG 1.27, kwa hiyo zote mbili huzama. Anachofanya ni kuchemsha maji, kuyaacha yapoe hadi nyuzi 70, kisha kuchovya kipande chembamba kwa koleo na kukiminya. PLA huanza kulainika karibu na nyuzi 60, hivyo hupinda kama ganda la ndizi. PETG husubiri hadi karibu nyuzi 80, hivyo hubaki ngumu. Anapima kipande kimoja kimoja. Nilimwuliza kwa nini asikisie tu, akanionyesha nozeli aliyoitupa: punje moja ya PETG, ambayo haikuyeyuka vizuri kwenye joto la PLA, ilikuwa imeziba tundu la milimita 0.4.

Kusaga anakwenda taratibu, gao moja baada ya jingine, kwa sababu visu vikipata moto PLA hulainika na kuvinatia. Baadaye anachekecha mara mbili. Vipande vinavyozidi milimita 5 vinarudi kwenye visu, na vumbi linawekwa kando. Kipande kirefu hukingama kwenye mdomo wa faneli ya mashine ya kutengenezea uzi na kuzuia wenzake wasishuke. Vumbi nalo huyeyuka mapema na kuvuruga mwendo wa plastiki kwenye parafujo.

Kisha plastiki inakaushwa, na kwa hewa ya pwani hatua hii haina msamaha. PLA hunyonya unyevu, na plastiki ikishayeyuka maji hayo hukatakata minyororo mirefu ya molekuli inayoipa nguvu. Badala ya kutoka nzito kama asali, inatoka nyepesi kama uji, na uzi wake unakuwa mwepesi kukatika. Anakausha kwa muda wa saa sita kwenye nyuzi 55. Hathubutu kuongeza moto aharakishe, maana ikipita 60 punje zote hushikana zikawa tofali.

Mashine yenyewe si ya ajabu. Ina parafujo inayosukuma punje ndani ya bomba lenye moto, kama mashine ya kusagia nyama, na mwishoni kuna tundu dogo. Mwaka 2013 Hugh Lyman, mzee mstaafu wa Marekani mwenye umri wa miaka 83, alishinda shindano la kubuni mashine ya namna hiyo kwa gharama isiyozidi dola 250, naye akaweka michoro yake wazi kwa kila mtu. Ugumu unakuja baada ya tundu. Uzi unatoka ukiwa laini na unavutwa huku feni zikiupoza. Ukiuvuta haraka unakonda, ukichelewa unanenepa. Kilo moja ni kama mita 335 za uzi, na mashine ya rafiki yangu hutoa mita moja na nusu kwa dakika. Hivyo kwa muda wa karibu saa nne hawezi kuondoka pale.

Kipimo kinachotakiwa ni milimita 1.75. Printa haipimi uzi. Inahesabu tu urefu iliousukuma, ikiamini unene ni ule ule. Siku moja nilipokuwa naye, vernia ilianza kusoma 1.70, mara 1.66, mara 1.62. Tofauti ya milimita 0.13 inaonekana ndogo, lakini ujazo hufuata mraba wa unene: uzi wa 1.62 hubeba plastiki pungufu kwa asilimia 14, na kitu kitakachochapwa kwa uzi huo kitakuwa na mianya kati ya matabaka. Hakugusa moto wala mwendo. Aligonga faneli mara mbili kwa kijiti, kipande kilichokingama kikaanguka, na baada ya mita chache kipimo kikarudi 1.74. Mita zote zilizokonda alizikata akazirudisha kwenye ndoo. Na kila mara hupima upande mmoja, kisha anauzungusha uzi robo duara na kupima tena, kwa sababu uzi uliopoa vibaya hubonyea ukawa bapa, na kipimo kimoja hakiwezi kukuambia hilo.

Kuna kipimo kingine ambacho mimi nakipenda kuliko vyote. Anakata mita moja kamili na kuiweka kwenye mizani ndogo ya sonara. PLA ya 1.75 isiyo na tundu ndani inapaswa kuwa gramu 2.98. Siku ile mizani ilisoma 2.80, na unene ulikuwa sahihi. Alikata uzi kwa wembe, akautazama kwenye mwanga, akanipa nami nione: katikati palikuwa na kipovu kama tundu la sindano. Unyevu. Alizima mashine, akarudisha punje zote kwenye kikaushio, na kazi ya siku ile ikaishia hapo.

Hata kila hatua ikienda sawa, uzi huu hauwi mpya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulilinganisha vipande vilivyochapwa kwa PLA mpya na vya PLA iliyorudiwa mara moja: nguvu ya kuhimili kuvutwa ilishuka kwa takriban asilimia 11. Kushuka huko mtu anaweza kukuvumilia. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba matokeo ya vipande vilivyorudiwa yalitofautiana zaidi, kipande hiki na kile, na fundi hawezi kuweka mzigo juu ya kitu ambacho hajui kama ni kile imara au kile dhaifu. Ndiyo maana rafiki yangu huchanganya nusu kwa nusu na punje mpya, na ndiyo maana uzi wake huishia kwenye vyungu vya maua, vishikio vya zana na sampuli za kupimia umbo. Hachapi nao mabano ya rafu wala chombo cha chakula.

Vitu vinavyoharibika kutoka kwenye uzi uliorudiwa havirudi kwenye zile ndoo tatu. Vina ndoo yao ya nne, kwa sababu kila kuyeyushwa ni kukatwa tena kwa minyororo ile, na akivichanganya hatajua tena plastiki ipi imepita motoni mara ngapi.

Kila roli anaibandika karatasi aliyoiandika kwa mkono: "PLA, nusu mpya, nusu imerudiwa mara moja. 1.75, hupanda na kushuka 0.07. Si ya kubeba uzito." Anayeuza uzi wa kurudiwa bila karatasi ya namna hiyo, mwombe aiandike kabla hujamlipa.