Kilele Hakisahau

Kwenye kuta za mawe ya matumbawe zinazoingia baharini pale Bandari ya Kale, Mombasa, kuna mstari mweusi unaoonyesha maji ya bamvua yalifika wapi. Maji yakipwa mstari hubaki, na mtu akipita huona kwa jicho moja bahari ilipo sasa na umbali wake kutoka ilipowahi kufika. Ninapochora grafu ya mtaji wa chama chetu, mstari ninaoutafuta ni huo.

Chama chetu huweka akiba katika Soko la Hisa la Nairobi. Soko hufungwa saa tisa alasiri, na saa kumi na moja jioni programu ndogo niliyoiandika huandika safu katika daftari lake: tarehe, jina la hisa, sekta yake, idadi, bei ya kufunga soko na fedha taslimu zilizobaki. Ndani ya daftari hilo hamna picha yoyote. Picha huzaliwa na mistari michache:

```python
kilele = kipande.cummax()
ax.plot(kipande.index, kipande, color="black")
ax.fill_between(kipande.index, kipande, kilele,
                color="crimson", alpha=0.3)
```

`cummax` hutembea siku baada ya siku ikibeba thamani kubwa kuliko zote ilizokutana nazo. `fill_between` hupaka wekundu kati ya thamani ya leo na kilele hicho. Basi doa jekundu lina kina, yaani tumeshuka kiasi gani, na lina upana, yaani tumeishi chini ya kilele kwa muda gani. Mimi naupenda upana kuliko kina. Wanachama huvumilia hasara ya wiki mbili hata ikiwa kubwa. Kinachowachosha ni kusubiri miezi minane thamani irudi pale ilipokuwa.

Kinachochorwa ni thamani ya kipande, wala si jumla ya mali. Nililijifunza hili kwa kuchora vibaya. Tuseme mali ni shilingi 1,000,000, nasi tumeigawa katika vipande 10,000 vya shilingi 100, kama inavyofanya mifuko ya UTT kule Tanzania. Bei zinashuka, mali inabaki 900,000. Siku ya kwanza ya mwezi wanachama wanaleta michango ya 200,000, na jumla inakuwa 1,100,000. Ukichora jumla, grafu itatangaza kilele kipya na wekundu utafutika, ilhali hakuna hisa hata moja iliyopanda. Ukichora kipande, michango hiyo imenunua vipande vipya kwa shilingi 90 kila kimoja, na thamani bado ni 90. Doa la asilimia 10 liko pale pale. Katika chama kinachochanga kila mwezi, grafu ya jumla ni kama mtu anayejaza kisima kwa ndoo kisha akasifu mvua.

Lakini kosa lililonifundisha kazi hii lilikwenda upande wa pili. Mwaka wetu wa kwanza grafu ilionyesha doa jekundu la asilimia 13 lililoanza ghafla na kukataa kufungwa miezi mitano mfululizo. Mweka hazina wetu, mama mtulivu asiyependa maneno, aliniuliza, "Mwanangu, hizi fedha zimepotelea wapi?" Sikuwa na jibu. Bei za wiki ile hazikuwa zimetikisika.

Nilirudi kwenye daftari, safu kwa safu. Jumanne tulikuwa tumenunua hisa za benki za shilingi 150,000. Nairobi malipo hukamilika siku ya tatu ya kazi baada ya mauzo. Programu yangu ilihesabu hisa Jumanne ile ile, lakini salio la fedha ililisoma kwenye taarifa ya akaunti, ambako fedha hazikutoka hadi Ijumaa. Jioni tatu mfululizo tulikuwa na hisa pamoja na fedha za kuzinunulia. Kipande kikaruka kutoka 100 hadi 115, kisha Ijumaa kikarudi 100. Mia moja dhidi ya mia na kumi na tano ni upungufu wa asilimia 13.

Tangu hapo sizitazami data mbovu kwa usawa. Bei ikikosekana na programu ikaandika sifuri, grafu huchoma chini kama sindano na kurejea kesho yake. Jicho huiona mara moja. Isitoshe, kwa kawaida bei ya hisa katika soko letu hairuhusiwi kusogea zaidi ya asilimia 10 kwa siku, hivyo mkoba mzima ukishuka asilimia 30 kwa siku moja, ninalishuku daftari kabla ya kulishuku soko. Kilele cha uongo ni kibaya zaidi. Kinadumu siku tatu, lakini `cummax` haisahau, na kila siku njema inayofuata hupakwa wekundu kwa sababu ya utajiri ambao haukuwahi kuwepo. Dalili yake ni ukingo ulio wima pande zote mbili, wenye upana wa siku tatu za soko, katika wiki ambayo bei zilitulia.

Sikuifuta safu hata moja. Niliongeza safu ya deni kwa dalali, hasi 150,000 tangu Jumanne hadi Alhamisi, na grafu ikachorwa upya. Doa la miezi mitano likatoweka. Chini yake, mahali ambapo lile la uongo lilikuwa limelifunika, likaonekana doa la kweli: asilimia 5.7, la mwezi mmoja.

Hapo ndipo ramani ya joto huingia, kwa sababu doa jekundu husema tumeshuka bila kusema tumeshushwa na nani. Mistari yake ni sekta, safu wima zake ni miezi. Kishawishi ni kupaka kila chumba rangi kulingana na bei za sekta zilivyokwenda. Mwezi ule bima zilishuka asilimia 20 na benki asilimia 8, kwa hiyo bima zingewaka kuliko zote. Lakini katika mali ya 1,200,000 bima zilikuwa 36,000 tu, na hasara yake 7,200. Benki zilikuwa 540,000, zilitupotezea 43,200. Mawasiliano, 300,000 yaliyoshuka asilimia 6, yalichukua 18,000. Sekta nyingine hazikusogea. Nikigawa kila hasara kwa mali ya mwanzo wa mwezi napata 0.6, 3.6 na 1.5, jumla 5.7, na ndiyo asilimia ile ile ya doa. Jumla ya safu wima isipolingana na grafu, kuna hisa imesahauliwa au ununuzi umehesabiwa kuwa faida.

Rangi nazo zina adabu yake. Sifuri lazima ikae katikati, kwa `vmin=-4, vmax=4`; ukiiachia programu ichague mipaka yenyewe, katika ramani ya hasara tupu sekta iliyopoteza kidogo itavaa buluu ya faida. Chumba ambamo hatukuwa na hisa hukipaka kijivu, kisifanane na sekta iliyobaki pale pale. Na kuna chumba ninachokichora kwa mistari ya mshazari. Hisa za Kenya Airways zilisimamishwa Julai 2020 zikiwa shilingi 3.83, na hazikurudi sokoni hadi Januari 2025. Programu inayorudia bei ya mwisho ingeandika 3.83 kila jioni kwa miaka minne na nusu, na rangi ingekuwa tulivu kabisa. Mshazari humwambia msomaji kwamba hapa hakuna aliyeuza wala kununua.

Nilipompelekea mama picha hizo mbili katika karatasi moja, alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye doa dogo hadi mwezi wake, akashuka moja kwa moja kwenye ramani na kusimama penye chumba cha benki. Kisha akachukua kalamu na kuandika pembeni, kwa mkono wake, 43,200.