Kutunga Swali kwa Barua za Kismayu

Novemba 1900, Arthur Jenner, Naibu Kamishna wa Uingereza katika Jubaland, aliuawa na Wasomali wa Ogaden akiwa safarini bara, mbali na kituo chake cha Kismayu. Mwaka uliofuata kikatumwa kikosi cha kuwaadhibu, kikiongozwa na Kanali Ternan. Barua zilizoandikwa kabla na baada ya kifo hicho zinatosha kutungia swali moja zuri la mtihani wa chuo kikuu, na mimi, ninayesomesha historia ya pwani, sijui kazi ya ualimu inayonipa raha kuliko kulitunga swali la namna hiyo.

Kwanza mtungaji ajue barua zinakaa wapi na kwa nini. Hadi Machi 1905 himaya ya Uingereza iliyokuwa na Jubaland ndani yake ilikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza. Tangu Aprili mwaka huo ikahamia Wizara ya Makoloni. Kwa hiyo karatasi za kifo cha Jenner hutafutwa katika majalada ya wizara ya kwanza, na anayezisaka katika fungu la CO 533 la Wizara ya Makoloni atapoteza siku zake bure. Hili si jambo la karani tu. Mwandishi wa barua huandika akijua nani atamsoma, na wanadiplomasia wa 1900 walikuwa na hofu zao: gharama, Waitaliano ng'ambo ya mto Juba, maswali ya Bunge.

Barua ya serikali ilisafiri kwa ngazi. Ofisa wa Kismayu alimwandikia mkubwa wake, mkubwa akaitia kama kiambatisho ndani ya barua yake mwenyewe, akaipeleka London. Huko makarani na wakubwa wao wakaandika madokezo kwa mkono, kila mmoja akitia saini fupi na tarehe, mpaka rasimu ya jibu ikapatikana. Mtungaji mvivu huchapa barua peke yake. Fundi huchapa barua na madokezo yake pamoja, kwa sababu humo ndimo mwanafunzi anapoona kwamba serikali haikuwa na sauti moja: huyu anataka askari wapelekwe, yule anauliza nani atalipa.

Halafu kuna kukata, na hapa ndipo mkono wa fundi unapojulikana. Mtihani wa saa moja na nusu haubebi zaidi ya nyaraka nne, jumla yake maneno kama 700. Barua ya kurasa nane lazima ipunguzwe. Barua za aina hii mara nyingi huanza kwa kueleza watu wa bara, tabia zao na ugomvi wao, kisha mwishoni hutoa ombi: askari zaidi, boti, fedha, au idhini ya kwenda kuadhibu. Ukikata aya ya mwisho ili kubana nafasi, umebadilisha waraka. Maelezo yaliyoandikwa ili kutetea ombi sasa yanasomeka kama maelezo matupu ya watu walivyo, na mwanafunzi atayaamini hivyo. Mimi hukata katikati na kubakiza ombi. Makaratasi yaliyochapishwa kwa ajili ya Bunge nayo yataka tahadhari, maana mara nyingi yalipunguzwa kabla ya kuchapwa. Penye nafasi, soma kwanza barua ya asili.

Swali lenyewe nililichagua hivi: «Barua hizi zinatueleza kwa kiasi gani kwa nini Jenner aliuawa?» Mtego wake uko kwenye tarehe. Barua iliyoandikwa kabla ya Novemba haijui lolote la kifo; wasiwasi ulio ndani yake, au utulivu wake, ni ushahidi wa alichokuwa akifikiri mtu siku ile. Barua iliyoandikwa baadaye inajua mwisho, na inaupanga mwanzo upya ili uelekee huko. Juu ya hayo, Sir Charles Eliot alishika ukamishna karibu wakati huohuo, kwa hiyo baadhi ya maelezo ya baadaye yanatoka kwa uongozi mgeni, ambao haukuwa na haja ya kutetea siasa za waliotangulia.

Mwongozo wa kusahihisha huandikwa kabla swali halijachapwa. Sitoi alama moja kwa kila hoja. Natumia ngazi tano katika alama 25. Anayesimulia nyaraka moja baada ya nyingine hapiti 5. Anayelinganisha yaliyomo hufika 10. Kutoka 11 hadi 16 ni za anayepima barua kwa mwandishi wake, mpokeaji wake na wakati wake. Kutoka 17 hadi 21, nyaraka zimepangwa kwa hoja na zinahojiana, na mwanafunzi ameongeza anayoyajua nje ya karatasi. Zile nne za mwisho ni za anayetoa uamuzi na kusema ni waraka gani, ukipatikana, ungembadilisha.

Mfano utaonyesha tofauti. Mwanafunzi akiandika, «Mwandishi ni mkoloni, kwa hiyo ana upendeleo,» hapati kitu, kwa sababu sentensi hiyo inafaa barua yoyote ya mkoloni yeyote. Akiandika, «Waraka wa pili unawalaumu Ogaden peke yao, lakini uliandikwa kuomba kikosi, na lawama iliyogawanywa isingeleta askari,» yuko ngazi ya tatu tayari. Akiendelea kuonyesha kwamba waraka wa kwanza, ulioandikwa bila ombi hilo, hauwalaumu hivyo, anapanda ya nne. Wasahihishaji wote husahihisha kwanza karatasi tano zilezile, na wakitofautiana kwa zaidi ya alama tatu, tunakaa tukasoma jibu kwa sauti mpaka tujue ni neno gani la mwongozo lililotugawa. Aghalabu kosa huwa la mwongozo.

Kuna sehemu ya pili ya swali, fupi, nayo ndiyo niipendayo zaidi. Kusini mwa Kismayu vimejipanga visiwa vya Wabajuni: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula. Vyombo vya kwenda na kutoka Lamu hupita kandokando yake. Katika fungu hili la barua watu wa visiwa hawasemi kitu. Namuuliza mwanafunzi ukimya huo unathibitisha nini. Jibu dhaifu husema Wabajuni hawakuhusika na historia ya wakati huo. Jibu zuri husema barua zilihusu bara kwa sababu zilikuwa zikiomba askari wa bara; kimya chake kinapima kazi ya barua, wala hakipimi maisha ya visiwani. Jibu bora linataja tunakoweza kuvipata visiwa hivyo kwingine: ziara ya Elliott iliyochapishwa 1925–26, wakati Jubaland ilipokwishakabidhiwa Italia, kitabu cha Grottanelli juu ya wavuvi wa Kibajuni, cha 1955, uchunguzi wa Chittick wa magofu, misikiti na makaburi, uliochapishwa 1969, na wazee wenyewe. Kisha linakiri kwamba hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoandikwa 1900.

Baada ya vita vya Somalia vya 1991 Wabajuni wengi walikimbilia pwani ya Kenya, na wengine wakafika Uingereza, ambako waombaji hifadhi wamehojiwa juu ya visiwa na lugha yao ili wathibitishe wanakotoka. Watoto wao leo wanaweza kuwa katika chumba chetu cha mtihani. Basi ninyi mnaotunga maswali mwaka huu, rudisheni aya ya mwisho ya barua, chapeni madokezo, na mpeni mwenzenu ajaribu kusahihisha kwa mwongozo wenu kabla mtihani haujaenda kuchapwa.