Elektroni ya nje katika ripoti ya maabara

Ripoti nyingi za kemia huenda vizuri mpaka zifike sehemu ya maelezo. Mwanafunzi ameona mwalimu akidondosha punje ya lithiamu majini, ikatoa viputo taratibu. Ya sodiamu ikayeyuka, ikawa tone la mviringo linalokimbia juu ya maji. Ya potasiamu ikawaka papo hapo kwa mwali wa urujuani. Anaandika: "Kadiri atomu inavyokuwa kubwa, ndivyo inavyomenyuka kwa wepesi zaidi." Akigeuza ukurasa anakutana na halojeni, na huko iodini, yenye atomu kubwa kuliko klorini na bromini, inashindwa na zote mbili.

Kosa ni kuufanya ukubwa wenyewe kuwa sababu. Swali la kuuliza ni elektroni inakwenda wapi. Metali alikali humenyuka kwa kutoa elektroni yake moja ya nje. Kwenye potasiamu elektroni hiyo iko ganda la 4, mbali na kiini, na elektroni za ndani zinaukinga mvuto wa kiini usiifikie sawasawa, kwa hiyo hung'oka kwa urahisi kuliko ile ya lithiamu iliyo ganda la 2. Halojeni hufanya kinyume: hupokea elektroni. Umbali uleule na kinga ileile vinavyoirahisishia potasiamu kutoa, vinaiwia iodini vigumu kuvuta. Ripoti ikilisema hili mara moja, kwa ukamilifu, makundi yote mawili yameelezwa.

Lakini maelezo hayo yanasimama juu ya matokeo, na upande wa halojeni matokeo hudanganya macho. Chukua jaribio la kawaida: sentimita za ujazo 2 za myeyusho wa chumvi kwenye testi tyubu, kisha kiasi hichohicho cha maji ya halojeni. Maji ya klorini yakiingia kwenye bromidi ya potasiamu, myeyusho hugeuka rangi ya chungwa. Yakiingia kwenye iodidi ya potasiamu, hugeuka kahawia. Bromini ikiwa nyingi na iodini ikiwa kidogo, rangi hizo mbili hukaribiana mno, na mwanafunzi anayeandika "iodini imetokea" anaweza kuwa anaandika anachokijua kitabuni. Dawa yake ni heksani: matone machache, ziba, tikisa, acha itulie. Tabaka lake huelea juu likiwa na rangi ya chungwa kama kuna bromini, na zambarau kama kuna iodini. Hapo hakuna wa kubisha.

Mtego mwingine uko mahali ambapo hakuna kinachotokea. Maji ya bromini yakichanganywa na kloridi ya potasiamu, rangi ya chungwa hufifia, na wapo wanaoandika kwamba kuna mmenyuko. Bromini imezimuliwa tu. Weka testi tyubu ya pili yenye maji ya bromini na maji matupu kwa kiasi kilekile, uzilinganishe: zikifanana, andika "hakuna mmenyuko" kwa ujasiri. Na kama klorini imeshindwa kuifukuza bromini, usiulaumu mwelekeo. Maji ya klorini huchakaa yakikaa kwenye mwanga, hivyo rudia kwa maji mapya.

Mlinganyo nao uonyeshe nani kampa nani elektroni. Potasiamu haishiriki, kwa hiyo huu unatosha:

Cl₂ + 2Br⁻ → 2Cl⁻ + Br₂

Kwenye metali kuna sentensi moja ninayoikata kila ninapoisahihisha: "Potasiamu iliwaka kwa sababu hutoa nishati nyingi kuliko lithiamu." Kwa kila moli ya metali, lithiamu ikimenyuka na maji hutoa takriban kilojuli 222, sodiamu 184 na potasiamu 196. Lithiamu, iliyoonekana mpole, ndiyo inayoongoza, kwa kuwa ioni yake ndogo hushikwa kwa nguvu sana na molekuli za maji. Tunachokiona kwenye beseni ni kasi. Lithiamu huyeyuka kwenye nyuzi 181 za Selsiasi, hivyo hubaki yabisi, na elektroni yake hushikiliwa zaidi. Mmenyuko huenda polepole na joto hupotelea majini. Potasiamu huyeyuka kwenye nyuzi 63 hivi, hujisambaza, humenyuka kwa haraka, na joto lote hujikusanya kwa muda mfupi kiasi cha kuiwasha hidrojeni.

Kwa hiyo kwenye ripoti andika "kasi ya mmenyuko huongezeka kushuka kundi la 1", uache kutaja kiasi cha nishati, kwa sababu hukupima joto. Na ukiombwa kutabiri rubidiamu, tabiri mmenyuko wa kasi zaidi, lakini usiandike kwamba itaelea kama zile tatu: uzito wake ni takriban gramu 1.5 kwa kila sentimita ya ujazo, nayo itazama.