Kundi Si Daftari la Oda

Sote tuliokuwa kwenye kundi la WhatsApp Alhamisi ile tuliona ilivyokwenda. Muuzaji wetu wa mayai wa Tororo, ambaye siku zote alipokea oda inboksi, mteja mmoja mmoja, alitangaza: "Kuanzia leo oda zote ziwekwe hapa kwenye kundi. Nakili orodha, ongeza jina na trei zako, rudisha." Lilikuwa kosa, na halikuhitaji kusubiri gari lifike Busia ndipo lionekane.

Orodha ilikuwa na majina 11. Mama wa chipsi wa upande wa Kenya aliinakili, akaandika 12, jina lake na trei 6. Wakati huohuo mwenye kioski wa Sofia, upande wa Uganda, alikuwa ameshanakili orodha ileile ya watu 11, naye akaandika 12, jina lake na trei 10. Ya mama ilitangulia kuingia, ya kioski ikakaa chini yake. Aliyefuata alifanya kile tunachofanya sote: alinakili ya chini kabisa, akawa wa 13. Kuanzia hapo mama hayumo, na kila orodha iliyokuja baadaye ililirithi pengo hilo. Hakuna aliyemfuta, wala hakuna mzembe kati ya wale wawili, kwani kila mmoja alinakili orodha iliyokuwa sahihi machoni pake. Jioni muuzaji alijumlisha orodha ya mwisho, gari likapakiwa pungufu ya trei 6, yaani mayai 180, na kesho yake mama akaambiwa hakuagiza.

Dalili ilikuwepo: namba moja, majina mawili. Ukiiona kundini, ujue kuna oda imepotea. Lakini ili uione lazima upande juu usome orodha zote, na katikati yake kuna salamu, michango ya mazishi, na yule bwana anayeagiza trei 2 kwa sauti ya dakika mbili. Oda za sauti nimezilalamikia kabla ya leo na sitaacha. Ukitafuta neno "trei" kwenye simu, sauti haiji.

Karani wa duka la jumla wa enzi zile asingenaswa hivi. Kitabu chake cha oda kilikuwa na kaboni, na namba zimeshachapwa kwenye kila karatasi. Mteja alitaja anachotaka, lakini namba ilitoka kwa karani peke yake. Wawili wasingeweza kuwa 12 hata wangesema kwa pamoja.

Muuzaji wetu kukataa tovuti yenye kikapu, hapo alipatia: bei ya trei hubadilika asubuhi, na huyu analipa M-Pesa, yule MoMo ya MTN.

Basi kwa nini akakimbilia kundi? Alisema matangazo yake ya bei hayawafikii wateja wa Kenya. Ni kweli, ila aliusoma ugonjwa vibaya. Ujumbe wa orodha ya matangazo humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako. Namba nyingi za simu za nchi zote mbili huanza na 07, na aliyesajili WhatsApp kwa laini ya Kenya akihifadhi 07 ya Tororo bila +256, WhatsApp huihesabu kuwa namba ya Kenya. Anaamini amekuhifadhi, kumbe amehifadhi mtu mwingine.

Oda zenyewe zilihitaji kiungo tu, ambacho kingebandikwa kundini kila asubuhi chini ya bei:

```
https://wa.me/2567XXXXXXXX?text=Trei:%0AMahali:%0AMalipo:
```

Weka namba yako kamili, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mbele. Mteja akibonyeza, gumzo lake na muuzaji linafunguka likiwa na mistari mitatu ya kujaza. `%0A` ndiyo inayoshusha mstari. Kwenye malipo aandike KES au UGX. Kwenye mpaka huu "elfu ishirini" imeshagombanisha watu vya kutosha.

Muuzaji anajibu kwa namba inayofuata kwenye daftari lake: "Oda 12, trei 6, Busia Kenya." Dole gumba si jibu. Kisha analiwekea gumzo hilo lebo ya `New order`, na fedha zikiingia anaibadilisha kuwa `Paid`. Lebo ina mpaka wake: ikikaa kwenye gumzo humtambulisha mteja, haitenganishi oda zake mbili. Kazi hiyo ni ya namba.

Jioni anajumlisha daftari na kulilinganisha na magumzo yenye lebo. Hesabu zikitofautiana, gari lisiondoke Tororo.

Kundi libaki la bei. Nawe uliye Busia Kenya, fungua simu yako sasa uihifadhi upya namba ya muuzaji wako kwa +256.