Elfu tatu zilizopotea kwenye hati

Kijana mmoja wa Wingwi, kaskazini mwa Pemba, alipewa kazi na mradi wa utafiti: kusikiliza mahojiano 24 ya wakulima wa mwani, kuyaandika na kuyatafsiri. Makubaliano yalikuwa shilingi 50,000 kwa kila mahojiano. Alipomaliza alipeleka ankara ya shilingi 1,200,000. Benki ikaingiza 1,134,000. Wiki chache baadaye akaletewa hati ya kodi ya zuio, akanijia nayo mkononi. "Mwalimu, hapa wameandika kodi 57,000, na mimi nimepungukiwa 66,000. Nani kala zilizobaki?"

Tulianza na kanuni yenyewe. Mkaazi wa Tanzania anapolipwa ada ya huduma, mlipaji huzuia asilimia 5 na kuipeleka Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Mzanzibari asichanganyikiwe na ofisi: kodi ya mapato ni jambo la Muungano, kwa hiyo hati hii inahusu TRA, si Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Asilimia hiyo hupigwa juu ya malipo yote kabla ya makato. Kwa ankara ya 1,200,000, kodi ni 60,000, na mikononi zinabaki 1,140,000.

Kwa hiyo upungufu wake ulikuwa na sehemu mbili. Tulifungua taarifa ya benki, tukakuta mstari wa ada ya uhamisho wa fedha, shilingi 6,000. Hiyo si kodi, wala haipaswi kuonekana kwenye hati. Ni gharama ya kazi yake, na ushahidi wake ni taarifa ya benki. Tulipoirudisha, kilicholipwa kikawa 1,140,000. Kipimo kizima ni hiki:

```
1,134,000 + 6,000 + 60,000 = 1,200,000
```

Alichopokea, ada ya benki na kodi lazima vifike kwenye ankara. Vikifika, fedha zimehesabika zote. Hapa zilifika, lakini kwa kodi ya 60,000, si kwa 57,000 iliyoandikwa kwenye hati. Basi tukaiacha benki, tukaisoma hati.

Jina na namba yake ya mlipakodi, TIN, vilikuwa sahihi, tarakimu kwa tarakimu. Mimi huanza hapo kila mara, kwa sababu kodi iliyopelekwa kwa TIN ya mtu mwingine huhesabiwa kwa mtu huyo. Kiwango kilikuwa asilimia 5. Kingekuwa 15, ingekuwa dalili kwamba mlipaji kamweka kwenye kundi la wasio wakaazi. Kasoro ilikuwa kwenye safu ya malipo kabla ya makato: iliandikwa 1,140,000.

Namba hiyo tulikuwa tumeshaiona. Ndiyo iliyobaki baada ya kodi kukatwa. Aliyejaza hati alichukua kiasi kilichotoka benki ya mradi, akakiweka mahali pa malipo kamili, kisha akapiga asilimia 5 upya. Ndipo ikapatikana 57,000. Kosa hili huponyoka macho kwa sababu hesabu ndani ya hati ni sahihi: asilimia 5 ya 1,140,000 kweli ni 57,000. Linaonekana ukiitoa kodi kwenye malipo yaliyoandikwa. Hati yake ilitoa 1,083,000, kiasi ambacho hakikuwahi kutoka kwa mlipaji.

Kosa hilo hilo humpata anayetaka kurudi nyuma kutoka alichopokea. Akiongeza asilimia 5 juu ya 1,140,000 anapata 1,197,000, pungufu ya 3,000. Njia sahihi ni kugawa:

```
1,140,000 / 0.95 = 1,200,000
```

Kijana aliuliza kama shilingi 3,000 zinastahili usumbufu. Zinastahili, kwa sababu kodi iliyozuiwa huondolewa kwenye kodi anayodaiwa kwa mwaka, na hati ndiyo ushahidi wake. Yeye amekatwa 60,000, na hati inamtambulia 57,000. Tena mapato ya kuandika kwenye ritani yake ni 1,200,000, si 1,134,000 wala 1,140,000. Na hati yenye namba nyingine itapingana na ankara yake mwenyewe.

Hakwenda TRA kwanza. Alimwandikia muhasibu wa mradi barua fupi, akaambatisha ankara, taarifa ya benki na hati, akaomba mambo mawili: ritani ya zuio ya mwezi ule irekebishwe, na hati mpya itolewe. Marekebisho ni ya mlipaji, kwani ndiye aliyezuia 60,000. Kama alipeleka 57,000 tu, zile 3,000 ziko kwake na anadaiwa na TRA.

Hati mpya ilipofika, kijana aliisoma mwenyewe. Alitoa 60,000 kwenye 1,200,000, akafika 1,140,000, akatoa ada ya benki, akafika kwenye mstari uleule wa taarifa yake. Ndipo akaiweka kwenye faili, pamoja na ankara.